Pipa Lilibeba Nini? Majiko, Taa na Ndoo za Karakana Zetu za Mwanza

Swali la kwanza ambalo fundi wa bati anapaswa kumuuliza mtu anayemletea pipa si la bei. Ni la kujua pipa hilo lilikuwa limebeba nini kabla ya kufika mlangoni kwake. Naandika haya kwa sababu katika karakana ndogo za Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma na Nyakato, mazungumzo mengi kuhusu ufundi huu huanzia kwenye nyundo na mkasi, ilhali hatari zilizo kubwa kuliko zote huwa zimekwisha kuingia ndani ya uzio kabla nyundo haijainuliwa. Chuma chakavu hakiji mikononi mwetu kikiwa kitupu. Kinakuja na mabaki ya petroli, dizeli, dawa za pamba, rangi, zinki au risasi, na kila kimojawapo kinaamua chuma hicho kikatwe vipi, kiunganishwe kwa nini, na kisitumike kabisa kwa kazi gani.

Nitafuata pipa moja la lita 200, la aina tunayoipokea mara nyingi, tangu linunuliwe hadi liwe majiko ya mkaa. Taa na ndoo nitazieleza baadaye kwa ufupi zaidi, kwa kuwa kanuni zake zinatokana na zile zile za pipa.

Mapipa yanayouzwa mjini hapa yana asili nyingi. Yapo yaliyobeba mafuta ya kula, ambayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Yapo ya oili ya injini na ya dizeli, ya lami, ya rangi na vimumunyisho vyake, na yapo yaliyobeba kemikali za viwandani au viuatilifu vya mashambani. Muuzaji mara nyingi hajui, na akijua huenda asiseme. Kwa hiyo ninatazama ubavu wa pipa nikitafuta alama ya umbo la almasi: yenye mwali wa moto inaonyesha kitu kinachowaka, na yenye fuvu la kichwa inaonyesha sumu. Alama hizo zikiwa zimepakwa rangi mpya juu yake, pipa hilo silitaki, kwa sababu mtu hapaki rangi kwenye chuma chakavu bila sababu. Halafu ninafungua vizibo vyote viwili, kikubwa na kidogo, nikiwa nimesimama kando, na ninaiacha harufu inijie. Siinamishi pua kwenye tundu. Pipa la kiuatilifu silinunui hata likiuzwa kwa bei ya bure, kwa kuwa sumu hiyo hujificha katika kutu na katika mikunjo ya ukingo ambako maji hayafiki, na hakuna njia tuliyo nayo karakanani ya kuthibitisha kwamba imetoka.

Sasa tuchukue pipa lililobeba dizeli, ambalo mmiliki wake analiita tupu. Neno hilo limewaumiza mafundi wengi. Pipa lililojaa mafuta hadi juu lina hewa kidogo sana ndani yake, na bila hewa mafuta hayalipuki. Pipa lililobaki na unyevu wa mafuta tu ndilo lenye mchanganyiko wa mvuke na hewa, na mchanganyiko huo umefungiwa ndani ya chuma. Hesabu yake inashangaza. Petroli ya kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15 hivi, ikigeuka mvuke inajaza karibu lita 3. Lita 3 ndani ya pipa la lita 200 ni asilimia 1.5, na mvuke wa petroli unaweza kulipuka ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa. Kijiko kimoja tu, kilichobaki kwenye mkunjo wa ukingo wa chini, kinatosha kukirusha kifuniko cha pipa juu ya paa. Mwenzetu wa karakana nyingine aliweka moto wa gesi kwenye pipa alilolisuuza kwa maji baridi mara moja. Kifuniko kilitoka, yeye akabaki hai, lakini sikio lake moja halisikii hadi leo.

Wapo wanaosema kwamba dizeli na mafuta ya taa hayana hatari hiyo kwa sababu hayashiki moto kwa urahisi. Kauli hiyo ina ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi kali, wakati mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha yakifika joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi, na dizeli huhitaji joto la juu zaidi. Lakini pipa jeusi lililokaa juani saa saba mchana linaipita nyuzi 38 kwa urahisi, na mwali wa gesi au grenda inaongeza joto mahali inapokata hadi mabaki yaliyoganda upande wa ndani yanafuka. Hivyo fundi anautengeneza mvuke mwenyewe, kisha anauwasha kwa cheche zake. Hata mabaki ya mafuta ya kula yakipata joto la mwali hutoa moshi unaoweza kuwaka. Ndiyo maana karakanani kwetu hakuna pipa linalofunguliwa kwa grenda, kwa gesi wala kwa umeme wa kuchomelea, hata liwe lilibeba maji ya matunda, maana huwezi kuwa na hakika na safari zake zote za nyuma.

Tunalifungua hivi. Kwanza tunalimwaga kabisa, likiwa limelala na tundu kubwa likiwa chini, kwa muda mrefu, ili michirizi ya mwisho itoke. Kisha tunatia maji ya moto yenye sabuni ya unga na magadi, tunafunga vizibo, tunaliviringisha huku na huku, tunavifungua tena kwa uangalifu na kumwaga, halafu tunarudia. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu mafuta hayachanganyiki nayo. Yanabaki yameshika ukuta wa chuma. Baada ya hapo tunalisimamisha na kulijaza maji hadi karibu na ukingo wa juu, ili nafasi ya hewa inayobaki chini ya kifuniko iwe ndogo kabisa, na vizibo vinabaki wazi. Hapo ndipo tindo na nyundo vinapoingia: tunakata kifuniko kwa ndani ya ukingo, tukizunguka taratibu. Tindo nalo linaweza kutoa cheche, ndiyo maana maji hayo yako ndani. Kifuniko kikitoka, mvuke hauna tena mahali pa kujifungia.

Maji yaliyotoka humo ni suala linalotuhusu sisi wa Mwanza kwa namna ya pekee. Mji umejengwa juu ya miamba na miteremko, na mfereji unaopita mbele ya karakana unaishia ziwani, ambako watu wanachota maji na kuvua. Mafuta yanayoelea juu tunayaengua, mabaki tunayafyonza kwa unga wa mbao kutoka kwa maseremala, na unga huo haumwagwi mferejini.

Pipa likiwa wazi upande mmoja, tunalisugua tena kwa ndani, tunakata kifuniko cha pili, kisha tunapasua ubavu kando ya mshono uliochomelewa kiwandani. Chuma kikianza kufunguka kinaruka kama mtego, kwa hiyo wanashika watu wawili wenye glavu za ngozi, mmoja kila upande, na hakuna anayesimama mbele ya upenyo. Kipande kilichonyooshwa kwa nyundo ya mti juu ya kipande cha reli kina urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa sentimita 85 hivi, na unene wake ni karibu milimita 1. Bati la paa la geji 30 halifiki hata nusu ya unene huo. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini jiko la pipa linadumu na jiko la bati la paa linatoboka mapema.

Unene si sababu pekee ya kuyakataa mabati ya paa kwenye sehemu za moto. Mabati hayo yamepakwa zinki, na zinki huyeyuka katika nyuzi 419 tu, huku mkaa unaopulizwa vizuri ukipita joto hilo kwa mbali. Joto likizidi, zinki hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata, saa chache baadaye, ladha ya chuma mdomoni, kiu, baridi ya kutetemeka na homa. Kanda hii ina malaria nyingi, hivyo fundi aliyevuta moshi wa zinki mchana akitetemeka usiku huamini kwamba ameumwa na mbu. Homa hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini dalili zikizidi au kifua kikibana, mtu aende kituo cha afya na aseme wazi alichokuwa akichomelea, na vipimo vya malaria navyo vifanyike. Njia rahisi ya kulitambua bati la zinki ni mabaka yake yanayong'aa kama maua. Likizeeka linakuwa la kijivu kilichofifia, bila kutu nyekundu. Pipa jeusi la kawaida halina zinki, lina rangi. Rangi hiyo tunaiondoa kwa kukwangua penye maji au kwa kuichoma nje, mbali na watu. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na moshi wetu ungewafuata majirani walio mlimani, kwa hiyo kazi ya kuchoma rangi tunaifanya alfajiri, wakati upepo ungali unaelekea ziwani.

Jiko ninalolieleza ni lile lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo ndani. Umbo lake lilienea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likitokana na jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa upande wetu wa ziwa wamelifanya lao. Kiuno kina kazi. Kikombe cha udongo hukaa juu, kikishikwa na mteremko wa bati, hivyo hakihitaji kubebwa na kitu kingine chini yake, na nafasi ya chini inabaki kwa ajili ya majivu na hewa. Udongo unalizuia joto lisiende kwenye bati, kwa hiyo mkaa mchache unafanya kazi, bati haliungui, na mtoto anayeligusa jiko kwa bahati mbaya haachi ngozi yake hapo kama angeligusa jiko la bati tupu.

Tuseme mdomo wa juu uwe na kipenyo cha sentimita 30, kiuno sentimita 20, na kimo kati yake sentimita 13. Wanaojifunza hukata bati la mstatili, wakalikunja, kisha wakashangaa kwa nini mdomo umepinda. Bati la umbo lenye mteremko linapaswa kukatwa kama upinde. Tunachora sura ya ubavu wa jiko chini sakafuni kwa ukubwa wake halisi, halafu tunairefusha mistari miwili ya mteremko kuelekea chini hadi ikutane. Hapo inapokutana tunapigilia msumari. Kutoka kwenye msumari hadi ukingo wa mdomo ni karibu sentimita 42, na hadi kiunoni ni sentimita 28. Kwa uzi wenye vipimo hivyo viwili tunachora pinde mbili juu ya bati, moja nje na moja ndani. Mwisho tunapima sentimita 94 kufuata upinde wa nje, ambao ndio mzunguko wa mdomo, tunaongeza sentimita 2 za mkunjo, na tunakata kuelekea msumarini. Kipande hicho kikikunjwa kinakaa sawa chenyewe, bila kulazimishwa kwa nyundo.

Ukikata kila upinde kwa kipande kimoja, ubavu wa pipa unatoa majiko machache na mabaki mengi, kwa sababu upinde mpana haupangiki vizuri ndani ya mwenzake. Ukiugawa kila upinde katika nusu mbili, nusu hizo zinalala moja ndani ya nyingine na mabaki yanapungua. Gharama yake ni mshono wa pili kwa kila upinde, yaani muda zaidi wa kazi. Kwa bei za pipa ninavyoziona, mimi huchagua nusu mbili. Sehemu ya chini inachorwa kwa njia ile ile, ila nimeifanya ipanuke hadi sentimita 26 tu, kwa sababu kila kifuniko cha pipa kinatoa vitako viwili vya kipimo hicho, mradi uvipange kukingama na mstari unaounganisha matundu mawili ya vizibo. Ukivipanga kufuata mstari huo, tundu linaangukia ndani ya kitako na unaanza kutafuta kiraka.

Mishono yote ya jiko ni ya kukunja na ribiti. Hakuna haja ya kuchomelea, na lihamu haina nafasi hapa kabisa, kwa kuwa lihamu ya kawaida ya risasi na bati huanza kuyeyuka katika nyuzi 183. Kila ukingo unaokatwa unakunjwa mara moja, siku hiyo hiyo, kabla kipande hakijawekwa kando. Mikwaruzo ya kingo zilizoachwa wazi ni ya kila siku katika ufundi huu, na kingo hizo zina kutu na uchafu wa ardhini, hivyo tunahimizana kila mmoja awe amechanjwa chanjo ya pepopunda na akumbuke chanjo za kurudia.

Kikombe cha udongo tunakinunua kwa wafinyanzi, kikiwa na matundu ya chekeche yenye upana wa kidole. Ninakigonga kwa kucha: kilichoiva kinatoa sauti ya kengele, na chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Kinawekwa ndani ya bati, na nafasi inayobaki pembeni inajazwa saruji kidogo iliyochanganywa na majivu mengi yaliyochekechwa, kwa sababu majivu yanazuia joto kupenya, ilhali saruji tupu inapasuka. Kisha jiko linakaa kivulini siku kadhaa. Hapa ndipo tamaa inapoharibu kazi njema, maana mteja anasubiri na fundi anataka fedha. Jiko likiwashwa moto mkali wakati ujazo ungali na maji, mvuke unakosa njia na udongo unapasuka, wakati mwingine kwa kishindo na vipande vya moto. Moto wa kwanza uwe wa makaa machache, kwa muda mrefu, bila sufuria.

Kabla ya kuliuza, jiko linapimwa kwa kitu ambacho wachoraji wa majiko ya mbali hawakukifikiria sana: ugali. Sufuria ya ugali haitulii, inasukumwa na mwiko kwa nguvu za mkono mzima. Mama lishe mmoja wa Mwaloni, Kirumba, alinirudishia jiko lililokuwa zuri kwa macho, akaniambia, "Fundi, mimi nasonga ugali wa watu thelathini. Hili ukilisukuma linakimbia." Alikuwa na haki. Tangu hapo vishikizo vitatu vya sufuria vinafungwa kwa ribiti mbili kila kimoja badala ya moja, kitako kinawekewa miguu mitatu iliyopanuka nje kuliko mdomo wa jiko, na kabla jiko halijatoka tunaweka sufuria iliyojaa maji baridi, tunaisukuma kwa mwiko kutoka kila upande, na kuangalia kama mguu unanyanyuka. Miguu mitatu ni bora kuliko minne kwa sababu haichezi kwenye sakafu isiyo sawa. Mlango wa hewa nao uteleze bila kukwama, kwani mlango usiofungika unamlazimisha mpishi kuzima moto kwa maji, na maji hayo yanapasua udongo wa moto.

Kila anayenunua ninamwambia pia kwamba jiko la mkaa lisilaliwe nalo chumbani, hata makaa yakionekana yamefifia na hayatoi moshi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu. Msimu wa mvua, watu wanapofunga madirisha, ndipo inapoua. Kichwa kinachouma na kichefuchefu kwa watu wote waliomo chumbani kwa wakati mmoja ni dalili ya kutoka nje mara moja na kulitoa jiko baadaye.

Taa za bati, koroboi au kibatari, zimepungua sana karakanani. Wavuvi wa dagaa ambao zamani walikwenda ziwani usiku na karabai sasa wengi wanatumia taa za betri na za sola, na majumbani hali ni hiyo hiyo. Bado zipo nyumba visiwani zinazoagiza koroboi, na mimi ninaitengeneza kwa masharti. Kopo liwe la maziwa au la nyanya, lisiwe la dawa ya kuulia wadudu, na kopo la dawa ya kupuliza lisikatwe kabisa kwa sababu hubaki na mgandamizo wa gesi inayowaka. Mrija wa utambi uinuke juu ya kifuniko ili mwali usilipashe joto tangi la mafuta, nao ushikwe kwa kukunjwa. Ukishikwa kwa lihamu, joto la mwali linashuka kupitia mrija, lihamu inalainika, na mrija unaanguka ndani ya mafuta ukiwa unawaka. Kifuniko kiwe cha kuzungusha, kitako kiwe kipana kuliko kopo, na pawe na mkono wa kushikia ulio mbali na mwali.

Hata koroboi iliyotengenezwa kwa ustadi haiwezi kumlinda mtu aliyeuziwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli. Mchanganyiko huo hutoa mvuke ndani ya kopo hata taa ikiwa baridi, na taa hulipuka mikononi mwa anayeiwasha. Mwali unaorukaruka, unaotoa sauti au unaopanda juu kuliko kawaida ni ishara ya kuizima bila kuisogeza, kwa kuifunika, na kutoyatumia tena mafuta hayo. Taa isijazwe ikiwa inawaka, wala ikiwa bado ina joto. Kwa maoni yangu, familia inayoweza kupata taa ndogo ya sola haina sababu ya kununua koroboi kwangu, na ninawaambia hivyo hata kama ninapoteza mteja.

Ndoo ni kazi iliyo salama kuliko zote kwa anayeitengeneza, na inayoweza kuwa mbaya kuliko zote kwa anayeitumia. Bati la zinki lililokataliwa kwenye jiko linafaa hapa, kwa kuwa hakuna moto. Debe la mafuta ya kula nalo linafaa, likikunjwa mdomo na kuwekewa mkono wa waya mnene unaopita kwenye masikio yaliyofungwa kwa ribiti. Shida ni namna ya kuziba mshono wa chini. Lihamu nyingi zinazouzwa mitaani zina risasi, na wapo mafundi wanaoyeyusha risasi ya betri za gari ili wapate lihamu ya bure. Kazi hiyo haipaswi kufanyika mahali popote penye watu. Risasi ya betri ina asidi na vumbi linaloingia mapafuni na kwenye nguo, nalo linafika nyumbani kwa watoto, ambao akili zao zinaharibika kwa kiasi kidogo sana cha risasi. Na ndoo ikiishazibwa kwa lihamu hiyo, maji yakilala humo, hasa yakiwa na ndimu, togwa au kitu chochote kichachu, yanaichukua risasi kidogo kidogo.

Kwa ndoo ya maji ya kunywa, sisi tunakunja mshono mara mbili na kuugonga hadi ubane wenyewe, kisha penye kuvuja tunayeyusha madini ya bati tupu, yasiyo na risasi. Namna ya kuyatofautisha madini hayo na risasi ni kukunja kijiti chake karibu na sikio: bati tupu linatoa mlio mdogo wa kukwaruza, nalo ni gumu kidogo na linang'aa, wakati risasi inapinda kimya, ni laini, na inaacha mstari wa kijivu ukiichora kwenye karatasi. Lihamu iliyochanganywa inaweza kudanganya kwa vipimo hivi, kwa hiyo kijiti ambacho sina hakika nacho kinakwenda kwenye ndoo za kubebea mchanga. Lami hatuizibii ndoo ya maji ya kunywa. Ndoo iliyokamilika inajazwa maji jioni na kuwekwa juu ya sakafu kavu iliyopakwa vumbi la chaki kuzunguka kitako, na asubuhi alama ya unyevu kwenye chaki inaonyesha ni sehemu gani ya mkunjo inayohitaji kugongwa tena.

Ndoo zilizozibwa kwa lihamu ya mashaka tunazipaka mstari mwekundu chini ya mdomo, na mteja anaelezwa maana yake kabla ya kulipa. Wapo wanaokasirika na kwenda kwa fundi mwingine ambaye hatawaambia kitu. Mmoja wao, mzee wa kutoka Sengerema, alisimama akaitazama ndoo yenye mstari, akauliza, "Kwa hiyo hii nimpelekee mke wangu ya kufulia?" Nikamjibu, "Ya kufulia sawa, mzee wangu, na ya kuchanganyia udongo. Ya kunywa ni ile isiyo na mstari." Alichukua moja ya kila aina.